Maswali ya Mgeni wa Madina: Nguzo Tano na Imani Sita

Siku moja Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa ameketi na masahaba wake, akatokea mtu mwenye nguo nyeupe pe na nywele nyeusi tii. Hakuwa na vumbi wala dalili yoyote ya safari, lakini pale barazani hapakuwa na hata mmoja aliyemfahamu. Akaja akakaa mbele ya Mtume, magoti kwa magoti, akamuuliza Uislamu ni nini. Akatajiwa mambo matano. Akasema umesema kweli, nao waliokuwepo wakashangaa: huyu anauliza, kisha anamsadikisha anayemjibu! Akauliza tena, imani ni nini? Akatajiwa mambo sita. Baada ya maswali mengine akaondoka, na baadaye Mtume akamweleza Umar bin Khattab kwamba yule alikuwa malaika Jibril, amekuja kuwafundisha dini yao.

Hadithi hii imo katika mkusanyiko wa Imamu Muslim, na ndiyo inayofaa kuanzia kwa mtu aliyesilimu juzi au anayetaka tu kuelewa majirani zake wanaamini nini. Matano yale ndiyo nguzo za Uislamu: shahada, swala, zaka, funga ya Ramadhani na Hija kwa mwenye uwezo. Sita yale ndiyo nguzo za imani: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, Siku ya Mwisho, na kadari, ya kheri na ya shari. Watu wengi hukaririshwa orodha hizi mbili kama masomo mawili yasiyojuana. Kwa maoni yangu hapo ndipo mgeni wa dini anapopotezwa njia, kwa sababu majibu yote mawili yalitolewa katika kikao kimoja. Matano ni ya viungo, ulimi na mali. Sita ni ya moyo. Kila tendo katika yale matano lina imani inayolibeba, na ukiiondoa hiyo imani tendo lenyewe halisimami.

Chukua shahada. Ni kukiri kwa ulimi, ukiwa na yakini moyoni, kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu, na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Mwenye kuikiri kwa dhati ameshakuwa Mwislamu hapohapo. Cheti na mashahidi vina kazi yake, hasa mbele ya ndoa, mirathi na safari ya Hija, ila havimwingizi mtu katika dini. Jina la zamani halilazimiki kubadilishwa kama halina maana mbaya, na swala zote zilizompita kabla ya kusilimu halipi hata moja. Aliyetoka katika Ukristo hataambiwa amkane Isa. Ataambiwa amwamini kuwa ni mtume, pamoja na Ibrahim, Musa, Daud na wengineo, kwani Qur'ani inataja mitume 25 kwa majina na kumkanusha mmoja wao ni sawa na kuwakanusha wote. Vivyo hivyo kwa vitabu: Taurati aliyopewa Musa, Zaburi ya Daud, Injili ya Isa na Qur'ani ya Muhammad vyote vina asili moja, ingawa Waislamu wanaamini kwamba Qur'ani ndiyo ya mwisho na ndiyo iliyohifadhiwa isibadilike. Maneno mawili ya shahada yamekwisha kubeba imani tatu kati ya zile sita.

Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimwelekeza awaite watu kwanza kwenye shahada. Wakikubali, awafundishe swala tano. Wakikubali hilo, awaeleze zaka. Huo ni mwendo wa hatua kwa hatua. Inasikitisha kumwona mtu aliyesilimu Ijumaa, na kufikia Jumapili ameshabebeshwa sheria za kila kitu, kuanzia ndevu hadi mirathi, na Alfatiha bado hajaijua.

Anachohitaji haraka ni swala. Baada ya kuoga josho lake atajifunza udhu: kutia nia, kuosha uso, kuosha mikono mpaka kwenye viwiko, kupaka maji kichwani, kuosha miguu mpaka kwenye vifundo, kwa mpangilio huo. Kosa la kawaida ni visigino kubaki vikavu, na Mtume aliliona kosa hilo kwa watu waliokuwa na haraka akalionya kwa ukali. Swala zenyewe ni Alfajiri rakaa 2, Adhuhuri 4, Alasiri 4, Magharibi 3 na Isha 4, jumla rakaa 17 kwa siku. Asiyejua Kiarabu asisubiri mpaka ajue. Mtu mmoja alimweleza Mtume kwamba hawezi kushika chochote katika Qur'ani, akafundishwa maneno mafupi ya kumtukuza na kumsifu Mwenyezi Mungu ayaseme badala yake. Kwa hiyo mgeni aanze na hayo, huku akijifunza Alfatiha aya moja moja.

Jambo linaloharibu swala kuliko lafudhi mbovu ni pupa. Mtu mmoja aliingia msikitini akaswali mbiombio, kisha akaja kumsalimia Mtume. Mtume akamjibu salamu, akamwambia arudi akaswali, kwa kuwa hakuswali. Ikawa hivyo mara tatu, hadi yule mtu akaapa kwamba hajui namna bora zaidi ya ile, akaomba afundishwe. Akafundishwa kurukuu mpaka atulie, kuinuka mpaka asimame sawasawa, kusujudu mpaka atulie, na kukaa mpaka atulie. Kipimo chake ni chepesi: viungo vitue, na upate nafasi ya kusema “Subhanallah” angalau mara moja kabla ya kuondoka pale ulipo. Anayeruka kutoka rukuu hadi sijda bila mgongo kunyooka, rakaa yake imeingia kasoro hata kama usomaji wake unapendeza masikioni.

Zaka hutajwa sana lakini hesabu yake ndiyo inayowapiga chenga wengi, hata waliozaliwa katika dini. Inamlazimu mwenye mali iliyofikia kiwango, yaani nisabu, na kukaa naye mwaka mzima wa mwezi mwandamo, takriban siku 354. Nisabu ya fedha taslimu na bidhaa hupimwa kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, na wanazuoni wengi hupendelea kipimo cha fedha kwa kuwa kinawafaa zaidi masikini. Tuseme mama mmoja ana duka la vyakula. Mwaka wake wa zaka umetimia. Bidhaa rafuni, kwa bei ya kuuzia siku hiyo, ni shilingi 6,000,000. Taslimu nyumbani na benki ni 3,000,000. Wateja wanaoaminika wanadaiwa 1,000,000. Yeye anadaiwa na msambazaji 2,000,000, ambazo wanazuoni wengi wanaruhusu kuzitoa, ingawa wapo wasiokubali. Inabaki 8,000,000. Kama gramu ya fedha siku hiyo ni shilingi 4,000, nisabu ni 2,380,000, naye ameipita. Atatoa asilimia mbili na nusu, yaani shilingi 200,000. Friji, mizani na rafu za duka hazihesabiwi, kwa kuwa haziuzwi.

Fungu hilo haligawiwi kwa yeyote tu. Qur'ani imetaja makundi manane, wakiwemo mafakiri, masikini, wenye madeni na msafiri aliyekwama, na kundi mojawapo ni wale wanaotiwa nguvu nyoyo zao, ambamo aliyesilimu karibuni huingia. Yule mgeni wa dini aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya kusilimu ana haki yake humo, na hapaswi kuomba kwa unyonge. Mwenye duka naye hakaguliwi na mtu. Angeweza kuandika milioni mbili badala ya nane. Kinachomzuia ni kuamini kwamba wapo malaika wanaoandika amali, na ipo Siku ya Mwisho ambapo daftari hilo litafunguliwa. Mimi naona imani hizi mbili zinaeleweka vizuri zaidi mbele ya daftari la duka kuliko katika somo la kukariri.

Funga ya Ramadhani ni vilevile, maana hapana anayeweza kuthibitisha kwamba hukunywa maji chooni. Ni kujizuia kula, kunywa na kukutana kimwili tangu alfajiri ya kweli hadi jua kuzama. Aliyekula kwa kusahau aendelee na funga yake. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa kisha watalipa, mwenye hedhi haruhusiwi kufunga naye atalipa, na mzee asiyeweza tena hulisha masikini kwa kila siku. Mwisho wa mwezi hutolewa zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo kwa kila mtu wa nyumba, kabla ya swala ya Idi.

Hija ni mara moja katika umri, na masharti yake ni uwezo wa afya, mali na njia salama. Asiyekuwa nao hana dhambi, wala hakutakiwa akope. Ibada yenyewe huanza tarehe 8 ya Mfunguo Tatu, na kilele chake ni kusimama Arafa tarehe 9. Aliyekosa kuwa Arafa kwa wakati wake amekosa Hija ya mwaka huo, hata kama amekwisha kuizunguka Kaaba mara saba.

Imebaki kadari, na hii ndiyo inayouliziwa zaidi na wageni wa dini: kama yote yamekwisha andikwa, nijitahidi kwa nini? Si swali jipya. Ile hadithi ya Jibril yenyewe ilisimuliwa na Abdullah bin Umar, akiipokea kwa baba yake, baada ya watu wawili kumletea habari kwamba huko Basra wamezuka wanaokanusha kadari. Uislamu unafundisha kwamba Mwenyezi Mungu anajua yote kabla hayajawa na hapana linalotokea nje ya mapenzi yake, na papo hapo mwanadamu ana hiari ambayo kwayo ataulizwa.

Jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja ilionekana katika safari ya Umar kwenda Shamu, karibu miaka saba baada ya Mtume kufariki. Akiwa njiani alipata habari kwamba tauni imeingia huko. Akawashauri Muhajirina, wakatofautiana. Akawashauri Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa kutekwa Makka, wakamshauri kwa kauli moja arudishe watu, naye akatangaza kurudi. Abu Ubayda bin Jarrah hakuridhika, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye upande wa malisho na upande mkavu: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Ndipo akafika Abdulrahman bin Auf, ambaye hakuwepo kwenye mashauriano, akasema ana elimu ya jambo hili. Alimsikia Mtume akielekeza kwamba mkisikia tauni imo katika nchi msiingie, na ikizuka mkiwa ndani yake msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akageuza msafara kurudi Madina.