Pampu Isiyozidi Lita 60

Chukua matangi mawili, moja juu ya jingine. Pampu inajaza la juu, la juu linamwagia la chini kupitia tundu, na la chini linamwaga nje. Yote mawili yana maji ya kina cha sentimita 20, na kazi yetu ni kulifikisha la chini sentimita 40. Tatizo ni kwamba tangi la chini hatuligusi. Tunachoshika ni pampu tu, nayo haitoi zaidi ya lita 60 kwa dakika, wala haiwezi kunyonya maji ikayarudisha.

Tuseme kitako cha kila tangi ni mita moja ya mraba, hivyo sentimita moja ya maji ni lita 10, na kila tundu hupitisha lita moja kwa dakika kwa kila sentimita ya kina. (Tundu la kweli hufuata kipeuo cha pili cha kina, nimerahisisha ili hesabu ifanyike kwa kalamu.) Kina baada ya kila dakika ni hiki, `h1` ikiwa tangi la juu, `h2` la chini na `u` lita za pampu:

```
h1_mpya = h1 + (u - h1)/10
h2_mpya = h2 + (h1 - h2)/10
```

Ukiiuliza hesabu hii namna ya kufika 40 upesi kuliko zote, bila kuitajia uwezo wa pampu, itakujibu bila haya: dakika ya kwanza sukuma lita 2,020, dakika ya pili nyonya lita 1,580. Kimahesabu ni sahihi kabisa. Wengine huuacha mpango wa namna hiyo utoke kwanza, kisha huukata: 2,020 inakuwa 60, na ile ya kunyonya inakuwa sifuri. Lakini dakika ya pili ilipangwa kwa kuamini kwamba dakika ya kwanza imeleta lita 2,020. Hazikuja, na bado pampu inazimwa.

Njia inayotumika viwandani huingiza mipaka ndani ya hesabu yenyewe. Kila dakika mtambo wa udhibiti hupima vina vyote viwili, hutazama mbele, tuseme dakika 20, na kutafuta mfululizo wa lita 20, kila moja kati ya 0 na 60, utakaoiweka `h2` karibu na 40 kadiri iwezekanavyo. Ukishapatikana, hutekelezwa lita ya dakika ya kwanza tu. Zile 19 nyingine hutupwa. Dakika inayofuata vina hupimwa upya na hesabu huanza tena, upeo nao ukiwa umesogea dakika moja mbele. Upeo huo hausimami, ndiyo maana mpango haumaliziki kamwe.

Kwa matangi yetu, mpango utaanza na lita 60 mfululizo. Dakika ya 15 tangi la chini lina sentimita 38 hivi, bado halijafika, lakini la juu lina karibu 52. Hapo pampu inafungwa. Asiyejua angeona ni mapema mno, ila maji yanayohitajika yako tayari huko juu: kwa dakika mbili tu za pampu kuzimwa, la chini linafika 40 na la juu linashuka hadi 42. Kisha pampu inarudi karibu na 40, kiasi kinachotosha kufidia yanayotoka. Aliyesubiri `h2` ifike 40 ndipo afunge angechelewa: hata pampu ikizimwa kabisa, kina kingepanda hadi karibu 43.

Upeo wa dakika moja haufai kitu hapa. Tazama kanuni ya pili: lita za sasa hugusa `h1` kwanza, na `h2` huzihisi dakika moja baadaye. Mwenye kuona dakika moja tu huona kila mpango una matokeo yaleyale.

Na kama pampu imechakaa, ikiagizwa lita 60 ikatoa 54? Kupima upya kila dakika husaidia, lakini hakutoshi: kina kitatulia chini kidogo ya 40 na kubaki hapo. Dalili ni kosa lenye ukubwa uleule siku nzima. Dawa, iliyokuwamo tayari katika njia ambayo Cutler na Ramaker wa kampuni ya Shell waliitangaza mwaka 1979, ni kulinganisha kina kilichotabiriwa na kilichopimwa, kisha kuongeza tofauti hiyo kwenye kila utabiri unaofuata. Kuiweka mipaka ndani ya utafutaji kwa utaratibu kamili kulifuata katika miaka ya 1980.

Kuna lengo ambalo hakuna mpango utakaolifikia. Ukitaka sentimita 65, zinahitajika lita 65 kila dakika. Utaona pampu imeng'ang'ania 60 na kina kimegota 60, na hapo ama lengo lishushwe, ama inunuliwe pampu kubwa zaidi.