Kufuli Langu, Ufunguo Mfukoni Mwangu

Katika mafunzo mengi ya usalama kazini, msimamizi husoma kanuni mpya, kisha huuliza: "Mmeelewa?" Watu hujibu kwa pamoja: "Ndiyo!" Jibu hilo halimwambii chochote. Aliyeelewa amesema ndiyo, na aliyekuwa akiwaza nauli ya kurudi nyumbani naye amesema ndiyo.

Tuchukue kiwanda cha kusaga unga wa mahindi. Ndani yake kuna parafujo ndefu inayosukuma unga kutoka kwenye kinu hadi sehemu ya kufungashia. Unga ukiganda, parafujo hukwama, na mtu huingiza mkono kuuzibua. Mara nyingi mashine huwa imezimwa kwa kitufe tu, au umeme umekatika. Umeme ukirudi, au mwenzake akibonyeza kitufe bila kujua, parafujo huzunguka na mkono umo ndani.

Kanuni mpya inayoletwa ni ya kufunga mashine kwa kufuli. Fundi huwaarifu wenzake, huzima mashine, hushusha swichi yake kuu, kisha huifunga swichi hiyo kwa kufuli lake mwenyewe na kutundika kibao chenye jina lake. Baada ya hapo huhakikisha watu wote wamekaa mbali na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Mashine ikiwaka, amefunga swichi isiyo yake. Isipowaka, anasubiri kila kinachozunguka kisimame kabisa, ndipo anagusa.

Andiko la kufundishia hatua hizo halihitaji kuwa refu. Linahitaji sentensi moja inayorudi, na maswali yasiyojibika kwa ndiyo. Mafunzo yenyewe yafanyike mbele ya mashine, si ukumbini. Msimamizi anaweza kuanza hivi:

"Anayeingiza mkono ndiye anayefunga. Kufuli langu, ufunguo mfukoni mwangu. Dada wa kufungasha, umeme umekatika na unga umeganda. Unaanza na nini?"

"Nazibua haraka kabla umeme haujarudi."

"Ukirudi mkono ukiwa ndani?"

"Basi nashusha swichi kuu kwanza, nafunga."

"Kwa kufuli la nani?"

"Langu. Ufunguo mfukoni mwangu."

Jibu la kwanza lilikuwa kosa, na ndilo lenye thamani kuliko yote yaliyosemwa asubuhi hiyo, kwa sababu limeonyesha alichokuwa atakifanya kweli. Msimamizi akimkaripia, kesho hakuna atakayejibu kwa ukweli. Auulize tu swali linalofuata, mpaka mtu ajirekebishe mwenyewe.

Swali litangulie, kimya kidogo kifuate, ndipo mtu atajwe. Ukimtaja kabla ya kuuliza, wengine wote hupumzika. Maneno ya kanuni yasibadilike hata kidogo, bali tukio libadilike kila mara: leo umeme umekatika, kesho mafundi ni wawili, keshokutwa zamu inabadilika. Sentensi ileile ikirudiwa juu ya tukio lilelile hugeuka kelele ambayo hakuna anayeisikia.

Tukio la kubadilishana zamu lipewe muda zaidi. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye mtambo wa mafuta na gesi wa Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imeondolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo. Habari hiyo haikuifikia vizuri zamu ya usiku. Pampu ya pili iliposimama, waliiwasha ile ya kwanza. Gesi ilivuja ikalipuka, na watu 167 wakafa. Kwa hiyo muulize kila fundi: "Unatoka, kazi haijaisha. Kufuli lako linatoka lini?" Jibu ni kwamba anayeingia anaweka lake kwanza, ndipo anayetoka anaondoa lake. Swichi isibaki wazi hata kwa dakika moja.

Siku moja haitoshi. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba kinachosomwa mara moja husahaulika haraka, sehemu kubwa ikipotea mwanzoni kabisa. Uliza tena kesho yake kabla ya kuwasha mashine, tena baada ya wiki, tena baada ya mwezi. Dakika mbili zinatosha, mradi watu wajibu kutoka kichwani bila kusoma bango ukutani.

Ukitaka kujua kama mafunzo yameingia, acha karatasi ya mahudhurio yenye sahihi za wote. Subiri parafujo ikwame, nenda kwenye swichi kuu uhesabu makufuli, kisha uhesabu watu walio kwenye mashine. Watu wakizidi makufuli, simamisha kazi hapohapo na uanze kuuliza upya.