Mistari mine ya bibi-arusi

Kwa ndoa zetu za Kolwezi, bibi-arusi hasemi mingi. Kwa komini, ofisa wa etasivili anasoma sheria, anauliza, bibi anajibu ndiyo, anaweka sinyatiri. Ile ndiyo njo inaandikwa kwa kitabu cha Leta, na hakuna shairi linaweza kuchukua nafasi yake. Kwa Katolika vilevile maneno ya kukubaliana yako tayari. Bibi akitaka kumuahidi bwana kwa maneno yake mwenyewe, nafasi iko kwenye karamu, mbele ya kukata gato.

Binti wa mwenzetu mumoja alifanya vile. Bwana yake anafanya posti ya usiku chini ya udongo. Alimutungia mistari mine tu:

Ukirudi toka kazi,
nyumba utakuta wazi;
mwezi bila mushahara
nitasimama imara.

Hesabuni kwa vidole: kila mustari sauti nane. U-ki-ru-di-to-ka-ka-zi. Kwanza alikuwa ameandika "mulango utakuta wazi", na kila mara akisema alijikwaa palepale. Mu-la-ngo ni tatu, nyu-mba ni mbili. Mustari ulikuwa na tisa. Alipobadilisha lile neno moja, ulimi ulipita.

Upande wa vina, kuko mutego. Kwa Kiswahili maneno karibu yote ya kutenda yanaishia na "a": nitapenda, nitapika, nitakaa. Mutu anazani amepatanisha, kumbe sikio halisikii kitu. Inafaa sauti nzima ya mwisho ifanane: kazi na wazi, mushahara na imara. Ile njo inashika kichwa: ukisahau mustari wa pili, "kazi" inakuvutia "wazi".

Magomvi yalitoka kwa mustari wa tatu. Tanti yake alikataa: "Mwanangu, mushahara hautajwe kwa arusi, utamupatisha bwana haya mbele ya wakwe." Binti alijibu kwa heshima: "Tanti, njaa ya mwisho wa mwezi tunaijua sisi wote. Nikimuahidia nyota, ataniamini je?" Sisi tulikuwa upande wa binti. Ahadi inataja kitu chenye kinaweza kufika, na kwetu kile kinafikaka. Angeweka "sitakasirika kamwe", wiki ya kwanza ingekuwa uongo.

Alijifunza siku tatu, akiosha vyombo, bila karatasi. Akiweza kusema huku mikono inafanya kazi ingine, machozi ya siku ile hayatamupoteza. Aliomba vilevile mwenye muziki azime kabisa, maana wengine wanaacha ngoma chini-chini na maneno yanamezwa.

Alisema polepole, akimuangalia bwana. Bwana aliinamisha kichwa. Mama-mukwe, yeye mwenye walikuwa wanamuogopea, akaomba arudilie. Na mara ya pili, kufika kwa "mwezi bila mushahara", meza yote ya wachimbaji ilimalizia mustari pamoja naye.