Kurasa 214 kwa karatasi mbili

Kabrasha la zabuni lilikuwa na kurasa 214. Wakati huo nilikuwa ofisa zabuni katika kampuni ya ukandarasi wa maji, na Mkurugenzi Mtendaji alinikuta nimelichapa lote na kulitandaza mezani. "Tuombe au tuache?" aliuliza. Nikamwambia bado nasoma. "Soma. Lakini Alhamisi nataka karatasi mbili, zisizidi. Kipenyo cha bomba wataniambia mainjinia. Wewe niambie mkataba huu utatuumizia wapi."

Nilikuwa nimeshaanza kuandika, na nilikuwa nimeanza vibaya. Nilifuata mpangilio wa kabrasha lenyewe: maelekezo kwa wazabuni, vigezo vya tathmini, masharti ya mkataba, vipimo vya kazi. Dokezo la namna hiyo humwonyesha mkurugenzi kilichoandikwa, kisha humwacha palepale alipokuwa. Nililichana. Lililofuata lilianza na mistari michache tu: kulaza bomba kilomita 18 na kujenga matangi mawili mkoani Singida, makisio yetu shilingi bilioni 6, muda miezi 12, mwisho wa kuuliza maswali siku 9 zijazo, mwisho wa kuwasilisha siku 23 zijazo. Pendekezo: tuombe, mambo mawili yakipatiwa jibu.

Tarehe ya maswali niliiweka juu ya ile ya kuwasilisha kwa makusudi. Katika zabuni za umma mzabuni haruhusiwi kuandika kwamba anakubali mkataba ila kifungu fulani hakitaki. Zabuni yenye masharti yake hutupwa. Nafasi ya kulalamikia kifungu ni kipindi cha kuomba ufafanuzi, na kikipita, kilichoandikwa ndicho utakachobeba. Hatari inayogunduliwa siku ya kumi inabaki na njia mbili tu, kuitia kwenye bei au kuacha zabuni.

Masharti ya jumla yalikuwa yale ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999 ambalo wakandarasi hulijua kwa jalada lake jekundu. Hayo sikuyafupisha hata kidogo, maana mkurugenzi aliyafahamu. Muda wangu niliutumia kwenye masharti maalumu, ambamo mwajiri hubadilisha yale ya jumla, na kwenye kiambatisho cha zabuni, ambacho ni kurasa chache za kujaza nafasi. Humo nilikuta nafasi mbili tupu.

Ya kwanza ilikuwa kiwango cha malipo ya awali. Mtu asiyezoea angeona ni usahaulifu wa karani. Lakini toleo lile linasema kwamba kiwango kisipotajwa katika kiambatisho, kifungu chote cha malipo ya awali hakitumiki. Ya pili ilikuwa jedwali la kurekebisha bei, nalo lina kanuni ileile: jedwali lisipokuwepo, bei haibadiliki. Kwa hiyo nafasi mbili zisizo na hata neno moja zilikuwa zinasema kwamba hatupewi fedha za kuanzia, na kwamba dizeli na mabomba yakipanda bei katika miezi ile 12, hasara ni yetu.

Kumwandikia mkurugenzi "hakuna malipo ya awali" hakutoshi. Lazima aone shilingi. Kazi ya mwezi mmoja ingekuwa na thamani ya milioni 500, na kwetu ingegharimu kama milioni 425. Mwisho wa mwezi tunapeleka madai kwa mhandisi, na mwajiri ana siku 56 za kulipa tangu mhandisi ayapokee. Maana yake fedha ya mwezi wa kwanza inaingia mwezi wa tatu ukiwa unaisha, na hadi hapo tumeshatumia milioni 1,275. Juu yake kuna dhamana ya utekelezaji ya asilimia 10, yaani milioni 600, ambayo benki yetu ilitaka robo yake, milioni 150, ikae kwenye akaunti bila kuguswa. Jumla milioni 1,425. Fedha yetu pamoja na mkopo tulioruhusiwa na benki ilikuwa milioni 900.

Pengo lile la milioni 525 halikuwa la miezi mitatu tu. Malipo ya kwanza yangekuwa milioni 450, baada ya mwajiri kushikilia asilimia 10, na mwezi uleule unataka milioni 425 nyingine. Mkandarasi anaweza kuwa na faida nzuri kwenye karatasi na bado ashindwe kulipa vibarua mwezi wa pili. Nimeshuhudia eneo la kazi likinyamaza kwa sababu hiyohiyo, eskaveta imeegeshwa na mtaro uko wazi.

Jambo la pili lilijificha kati ya kurasa mbili zilizoachana mbali. Jedwali la kazi na bei lilikuwa na mstari mmoja wa uchimbaji: kuchimba mtaro, kwa mita ya ujazo. Mwamba haukutajwa. Kurasa nyingi nyuma yake, vipimo vya kazi vilisema uchimbaji ni wa kitu chochote kitakachokutwa, mwamba ukiwemo. Katika mpangilio wa FIDIC wa nyaraka ipi inaishinda nyingine, vipimo vya kazi viko juu ya majedwali. Ukisoma ukurasa mmoja peke yake huoni tatizo. Ukiisoma pamoja, unaona umeahidi kuvunja jabali kwa bei ya udongo. Na anayeijua Singida anajua mawe yake.

Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1.2 kwa kilomita 18 ni mita za ujazo 12,960. Udongo tuliukadiria shilingi 8,000 kwa mita, mwamba shilingi 70,000. Sehemu moja ya kumi ikiwa mwamba, tunapoteza kama milioni 80.

Hapa mkurugenzi alinibishia. Alisema, "Tukiuliza, jibu linatumwa kwa wazabuni wote. Tumewazindua washindani." Ni kweli. Lakini tusipouliza, anayeona mwamba anaongeza bei na kushindwa na asiyeuona. Swali huwalazimisha wote wapange bei wakiwa wanajua. Akakubali, na tukaliuliza pamoja na lile la malipo ya awali.

Majibu yalikuja siku ya kumi na mbili. Malipo ya awali yangekuwa asilimia 15, milioni 900, kwa dhamana ya benki. Kuhusu mwamba jibu lilikuwa sentensi moja: bei ya uchimbaji ijumuishe aina zote.

Niliandika dokezo upya, safari hii likiwa ukurasa mmoja. Pengo la fedha lilizibika, ingawa dhamana mpya nayo ingekula sehemu ya akiba, na malipo ya awali yangerudishwa kwa kukatwa kidogokidogo katika kila hati ya malipo. Kuhusu mwamba nilipendekeza tusikisie tena. Tukaomba ruhusa ya mwajiri, tukakodi eskaveta na kuchimba mashimo 18, moja kila kilomita. Matatu yaligonga jabali kabla ya mita moja. Hiyo ni sehemu moja ya sita, na hasara yake ni karibu milioni 134, si 80.

Mkurugenzi alisoma akiwa amesimama. Pembezoni mwa mstari wa milioni 134 aliandika kwa kalamu: "Iingie yote kwenye bei. Tukikosa, tukose." Kisha akaniuliza kama dhamana ya zabuni tayari imetoka benki, na inaisha tarehe ngapi.