Andiko la Mwingine katika Ombi la Ufadhili: Kwa Nini Ruhusa ya Mwenyewe Haitoshi

Mwanafunzi anayeomba ufadhili wa masomo ya juu hutakiwa kuandika andiko la utafiti lenye swali lake, maelezo ya yale yaliyokwisha kuandikwa juu ya swali hilo, njia atakayoitumia, muda na gharama. Ni desturi njema kumwendea aliyetangulia na kumwomba andiko lake lililofaulu liwe kielelezo. Tatizo huanza pale aya nzima nzima zinapohamishwa, majina yakibadilishwa na sentensi zikibaki vilevile. Anayefanya hivyo mara nyingi hujitetea kwamba mwenye andiko alimruhusu. Makala hii yakusudia kueleza kwa nini utetezi huo haumwokoi.

Ruhusa huondoa lawama ya kuchukua mali ya mtu bila idhini yake. Lakini andiko la utafiti ni zaidi ya mali, ni ushahidi. Mfadhili hana njia nyingine ya kupima kama mwombaji aweza kuuliza swali na kulitafutia jibu. Akisoma fikra za mtu mwingine chini ya jina la mwombaji, amedanganywa yeye, na mwenye andiko hana mamlaka ya kusamehe udanganyifu aliofanyiwa mfadhili.

Wengine hudhani kwamba kosa hili lahusu vitabu na tasnifu tu, kwa kuwa ombi halichapishwi. Sivyo. Sera ya serikali ya Marekani ya mwaka 2000 kuhusu mwenendo mbaya katika utafiti yataja wazi kwamba wizi wa maandishi ni kosa hata wakati wa kupendekeza utafiti, kabla kazi yenyewe haijaanza. Nayo haitaji maneno peke yake, bali pia mawazo, taratibu na matokeo ya mwingine. Kwa hiyo kutafsiri andiko la Kiingereza kwa Kiswahili au Kijerumani bila kumtaja mwandishi hakubadilishi kitu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchungaji mmoja aomba ufadhili ili achunguze mafundisho ya kipaimara katika dayosisi yake ya pwani. Rafiki yake alichunguza jambo hilohilo katika dayosisi ya bara. Mchungaji huyu aandika mwenyewe utangulizi na bajeti, lakini sehemu ya njia ya utafiti aihamisha kama ilivyo, akibadilisha jina la dayosisi tu.

Msomaji wa kamati hahitaji mashine ili atambue. Njia yasema kwamba wazazi na wainjilisti katika majimbo manne watahojiwa. Bajeti ina nauli za majimbo mawili. Ratiba yapanga mahojiano baada ya mavuno, ilhali usharika uliotajwa ni wa wavuvi. Waandishi watatu wametajwa ndani ya maelezo, wala hawamo katika orodha ya vitabu. Ndipo mwombaji aulizwapo katika usaili: "Kwa nini uwahoji wazazi, usiwahoji vijana wenyewe?" Rafiki yake alikuwa na sababu, maana vijana wengi wa huko walikuwa wamehamia mijini. Mchungaji wetu hana jibu, kwa kuwa uamuzi huo hakuufanya yeye.

Matokeo hutegemea wakati kosa linapogundulika. Likigundulika mapema, ombi hukataliwa, na mara nyingi mwombaji haelezwi sababu. Likigundulika baada ya fedha kutolewa, ufadhili waweza kusitishwa na fedha kudaiwa, kulingana na mkataba. DFG, shirika kuu la kufadhili utafiti nchini Ujerumani, laweza kumzuia mkosaji asiombe tena kwa muda wa mwaka 1 hadi 8. Kwa mchungaji mwenye umri wa miaka 35, miaka hiyo yaweza kuwa ndiyo yote aliyokuwa nayo ya kusomea udaktari. Wala haadhibiwi peke yake: rafiki huulizwa ni nani aliyeandika kwanza, na aliyetia sahihi barua ya mapendekezo hupungukiwa na imani ya mfadhili kwa waombaji watakaofuata.

Basi, kielelezo kitumikeje? Soma andiko la mwenzako ili uone mpangilio wake, yaani ni maswali gani kila sehemu hujibu. Andika maswali hayo, kisha lifunge, nawe uyajibu kwa habari za mahali pako. Ukiona kwamba njia yake yafaa kweli, itumie huku ukimtaja, ueleze pia ulichobadilisha na sababu yake. Kamati haidai kwamba kila njia iwe mpya. Yataka kujua nani ameifikiria na kwa nini yafaa hapa. Kabla ya kutuma, mpe mwenzako andiko, akuulize sababu ya kila uamuzi uliomo. Sehemu usiyoweza kuitetea kwa maneno yako mwenyewe bado si yako, nayo yapasa kuandikwa upya.