Kukaanga Kahawa Nyumbani: Mlaji Asikilize Mipasuko

Mlaji anunuapo kahawa iliyokwisha kusagwa, hana njia rahisi ya kujua ilikaangwa lini, wala kama imechanganywa na nafaka iliyoungua. Anunuapo buni mbichi, huziona punje zenyewe na kuzikagua kabla ya kulipa. Hata hivyo, jukumu la kuzikaanga linamwangukia yeye, na dakika moja ya kukosa uangalifu jikoni yaweza kuharibu mzigo wote. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua, kwa kusikiliza, wakati ufaao wa kuepua kahawa.

Kukagua kabla ya kununua

Buni zinazofaa ni zile zilizokobolewa, zenye rangi ya kijani inayolingana, ukubwa unaokaribiana na harufu ya majani makavu. Punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu au zenye harufu ya uvundo zikataliwe. Wapo wanaodhani kwamba moto huondoa kila dosari. Sivyo: sumukuvu inayotokana na ukungu hupungua kwa kukaangwa, lakini haiishi yote.

Kwa nini sikio na si jicho

Rangi ya punje hudanganya, hasa katika kikaango. Upande unaogusa chuma huiva haraka kuliko kiini, hivyo punje yaweza kuonekana kahawia ilhali ndani bado ni mbichi. Mlio, kinyume chake, hutoka ndani. Buni iliyokauka vizuri huwa bado na maji yapatayo asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Joto lipandapo, maji hayo hugeuka mvuke na kusukuma kuta za punje hadi zipasuke kwa mlio unaosikika wazi, kama bisi zinazorukaruka ndani ya sufuria. Huo ndio mpasuko wa kwanza, nao hutokea joto la punje likaribiapo nyuzi 200 za Selsiasi. Kahawa iliyoepuliwa kabla ya hapo hainyweki vizuri, kwa kuwa bado ina ladha ya majani na nafaka mbichi.

Moto ukiendelea, gesi ya kaboni dayoksaidi hujaa ndani ya punje ambayo kuta zake zimekwisha kudhoofika. Joto lifikapo karibu nyuzi 225, huanza mpasuko wa pili. Mlio wake ni mwembamba na wa haraka zaidi, mithili ya vijiti vikavu vinavyovunjwa. Mafuta huanza kujitokeza juu ya punje na moshi huwa mzito. Kati ya mipasuko hii miwili ndimo mlaji anapochagua ladha ya kahawa yake.

Mfano: gramu 200 katika kikaango

Tuchukue gramu 200 za arabika na kikaango kizito cha chuma chenye upana wa sentimita 28. Kiasi hicho hutandaa takribani tabaka moja. Kikizidi, punje za juu hubaki mbichi. Vikaango vyenye utando wa kuzuia chakula kisigande visitumike, kwani utando huo hutoa mvuke wenye madhara ukipata joto kali mno.

Kikaango kipashwe moto wa wastani kwa dakika 3, kisha buni zimiminwe na zikorogwe kwa mwiko bila kusita. Katika dakika 4 za mwanzo punje hutoa mvuke na kugeuka manjano. Kufikia dakika ya 7 huwa za kahawia hafifu, hunukia kama mkate unaookwa, na ngozi zake nyembamba huanza kubambuka. Hapo moto upunguzwe kidogo, ili punje zisipite hatua inayofuata kwa kasi.

Mpasuko wa kwanza husikika karibu na dakika ya 9 na huendelea kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Milio inapokuwa ya mojamoja, kahawa imeiva kwa kiwango cha chini na ladha yake ina uchachu wa matunda. Ikiachwa dakika moja zaidi, huwa ya wastani, na kiwango hicho huwafaa wengi. Apendaye kahawa kali asubiri milio michache ya mpasuko wa pili, kisha aepue papo hapo. Dakika hizi hubadilika kulingana na jiko, lakini mfuatano wa milio haubadiliki.

Kuepua kikaango hakutoshi, maana punje huendelea kuiva kwa joto lililomo ndani yake. Zimwagwe mara moja kwenye ungo au chujio la chuma na zipepetwe nje ya nyumba. Upepo hupoza punje na kuondoa ngozi zilizobambuka. Baada ya dakika 4 hivi ziwe zinashikika kwa mkono.

Kutumia oveni

Oveni huhitaji kazi ndogo ya mkono, lakini milio husikika kwa shida na punje haziivi sawasawa. Ipashwe hadi nyuzi 240, buni zitandazwe tabaka moja kwenye trei yenye matundu madogo, na zigeuzwe kila baada ya dakika 2. Mkaangaji asikae mbali nayo. Mpasuko wa kwanza waweza kusikika kati ya dakika ya 8 na ya 12. Ngozi zikishika moto, oveni izimwe na mlango wake ubaki umefungwa. Kwa kikaango, moto uzimwe na kifuniko kiwekwe, maji yasimwagwe.

Vyovyote iwavyo, madirisha yawe wazi. Anayetumia jiko la mkaa akaange nje, kwa kuwa mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu na inayoweza kuua ndani ya chumba kilichofungwa.

Kutambua kosa

Punje zenye madoa meusi juu na ladha ya majani ndani zimekaangwa kwa moto mkali mno. Ikiwa dakika 20 zimepita bila mpasuko kusikika, moto ulikuwa hafifu. Kahawa hiyo itakuwa kahawia, lakini kinywaji chake kitapooza bila harufu. Kosa hili la pili haliwezi kurekebishwa kwa kuongeza moto mwishoni.

Uzito na gharama

Kahawa hupoteza maji na vitu vingine iwapo motoni. Katika mfano wetu, gramu 200 zikikaangwa kwa kiwango cha wastani zitabaki takribani gramu 170, yaani upungufu wa asilimia 15. Basi, tuseme kilo ya buni mbichi imenunuliwa kwa shilingi 10,000. Gharama halisi ya kilo iliyokaangwa ni karibu shilingi 11,800, kabla ya kuhesabu mkaa au gesi. Mlaji alinganishe kiasi hiki, si bei ya buni mbichi, na bei ya dukani.

Kahawa iliyotoka motoni isifungiwe mara moja katika chombo kisichopitisha hewa, kwani bado inatoa gesi nyingi. Iachwe hadi siku ya pili katika chombo chenye kifuniko kilicholegea, kisha ifungwe na kuwekwa mahali pakavu pasipo jua. Isagwe kwa kiasi cha kunywa siku hiyo tu.