Tuzo Mkononi, Fedha kwa Mwajiri

Tuseme dereva wa lori la mchanga Dar es Salaam, mshahara wake shilingi 400,000 kwa mwezi, ameachishwa kazi kwa kupigiwa simu tu. Amekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwamuzi ameagiza alipwe fidia ya mishahara ya miezi 12, mwezi mmoja wa notisi na likizo ya mwezi mmoja aliyokuwa hajachukua. Jumla ni shilingi 5,600,000. Mwajiri amepokea nakala, akakaa kimya.

Wengi hapa hurudi Tume kila wiki kuuliza lini watalipwa, na muda unapotea bure. Tume huamua mgogoro, lakini haiendi kukamata mali. Kifungu cha 89 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinaipeleka tuzo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikazwe kama hukumu ya mahakama. Mwajiri ana wiki sita za kuomba mahakama hiyo iipitie tuzo. Kufungua maombi hayo peke yake hakumwondolei wajibu wa kulipa. Ni lazima apate amri ya kusimamisha utekelezaji.

Dereva basi anafungua maombi ya kukaza tuzo, ambayo kwa kawaida husikilizwa na Naibu Msajili. Anaambatanisha tuzo, anaeleza kiasi anachodai na kama kuna chochote kilicholipwa, kisha anataja njia anayoitaka. Mwajiri huitwa aeleze kwa nini tuzo isikazwe. Akikosa sababu ya maana, hutolewa amri ya kukamata mali, na dalali wa mahakama ndiye anayekwenda kuitekeleza.

Kazi ngumu iko kwenye kuitaja hiyo mali, kwa sababu mahakama haimtafutii mtu. Dereva aliyekuwa akilipwa kupitia benki achukue taarifa ya akaunti yake: mara nyingi jina la mlipaji limo humo, na huo ni mwanzo mzuri wa kuijua akaunti ya mwajiri. Fedha iliyo benki haihitaji kupigwa mnada, tofauti na lori.

Lori lina shida zake. Dalali akilikamata na kadi yake ikawa na jina la shemeji wa mwajiri, shemeji atafungua pingamizi, na mnada utasimama hadi lisikilizwe. Ndiyo maana kadi huchunguzwa kabla, wala si baada.

Kosa linaloumiza zaidi hufanyika siku ya kwanza kabisa, pale fomu ya Tume inapojazwa jina lililoandikwa ubavuni mwa lori badala ya jina la kampuni lililosajiliwa BRELA. Tuzo ikitoka kwa jina hilo la ubavuni, akaunti ya kampuni haiguswi. Anayekaza tuzo hawezi kumwingiza mdaiwa mwingine kwa kalamu yake, na mwajiri mjanja hulisubiri kosa hilo mpaka dalali afike getini.